Barua ya Kuachia Chumba cha Mashine

Daktari aliniambia niache mashine, na safari hii sikubishana naye. Nilikuwa nimesaga mahindi na mihogo katika senta yetu ya Igurwa tangu mwanangu wa mwisho akiwa mgongoni, na kifua kilikuwa kimechoka na vumbi la unga. Nikipanda kilima kwenda ibadani ilinibidi nisimame njiani, nijifanye nasalimiana na watu. Mnunuzi wa mashine alipatikana upesi, mtu wa Chonyonyo. Kilichobaki shingoni mwangu ni chumba.

Chumba kilikuwa mali ya usharika wa kanisa letu. Mkataba wangu ulikuwa bado na zaidi ya mwaka mbele, nao ulisema wazi: nikiondoka katikati nitalipa kodi ya muda uliobaki, na siwezi kumwachia mtu mwingine chumba bila idhini ya maandishi. Nikaanza kuulizia mtu wa kukichukua.

Alikuja mwenyewe, mwanamke wa Songambele, kule Kyerwa, wa umri wa mdogo wangu. Wazazi wake walitoka Burundi zamani na waliishi kwa vibarua vya kulima mashamba ya kahawa ya watu. Yeye alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate Bukoba. Hakuitazama mashine. Alitazama nyaya ukutani.

"Huu ni umeme wa njia tatu, mama?"

"Ndiyo."

"Basi jiko langu la kuokea litawaka hapa," akasema, na alivyosema nilijua ameshakipanga chumba kichwani, meza ya kukandia mpaka kabati la mikate.

Niliandika ombi, yeye akaambatanisha namba yake ya mlipakodi na maombi yake ya leseni ya biashara. Kamati ya mali ya usharika ilikaa, ikaahirisha, ikakaa tena. Hatimaye mwenyekiti wake, mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu shuleni, akaniita na kunikabidhi barua.

Ombi lilikuwa limekubaliwa. Nilifurahi kwa aya moja. Aya ya pili ilianza, "Idhini hii inatolewa kwa masharti yafuatayo kwa mpangaji anayeondoka." La kwanza, nivunje msingi wa zege wa mashine na kuirudisha sakafu kama ilivyokuwa, kisha chumba kikaguliwe. La pili, nihakikishe mita ya umeme inatolewa jina langu na kuandikwa la mpangaji mpya. La tatu, nibaki mdhamini wake kwa wajibu wake wote mpaka mkataba wangu wa awali utakapokwisha. Nisipotimiza kabla ya mwisho wa robo ile ya mwaka, idhini itakufa.

Kaka yangu alilisoma sharti la tatu mara mbili, amesimama.

"Unataka kumdhamini mtu wa kuja? Akiunguza jengo, atarudi kwao. Wewe utarudi wapi?"

"Kwao ni Songambele," nikamwambia. "Amezaliwa pale."

"Usisaini."

Nikaichukua barua mkononi mwake. Lakini neno "wote" lilinikera. Kodi naielewa. Ila ukuta ukipasuka kwa jiko la mtu mwingine, nami niko bustanini kwangu, nitajibuje?

Mwenye mikate alipopata habari alikuja akiwa na shati la kanisani. "Shikamoo. Dada, nimesikia. Kama ni mzigo, niache nikatafute kwingine. Sitaki uniweke moyoni kwa ubaya."

"Marahaba. Kwingine hakuna umeme huu. Kaa chini, tuandike."

Tuliandika pamoja mezani kwangu. Nilikubali udhamini, ila uwe wa kodi peke yake, uharibifu autolee yeye dhamana. Kodi ikichelewa, usharika unijulishe kwa maandishi mapema, kabla haijawa mlima. Na siku mkataba wangu wa awali ukiisha, udhamini uishe wenyewe bila mtu kuomba.

Karatasi ile niliipeleka mwenyewe. Mwenyekiti alivua miwani.

"Kamati imeshaamua, mama."

"Shikamoo, mwalimu. Kamati inaweza kukaa tena. Nimelipa kodi ya chumba hiki kila muhula, mnanijua. Sikatai kusimama na huyu mama. Ninakataa kusimamia jiko ambalo sitakuwa naliona."

Akageukia Kinyambo, lugha anayotumia akiacha ukubwa. Akaniuliza kama kweli namwamini yule mwanamke. Nikamjibu kwa lugha hiyohiyo kwamba nilikuwa nimekwenda Songambele na kuwauliza majirani zake, na kwamba kamati nayo ingeweza kwenda. Sijui kama walikwenda. Barua ya pili ilikuja na maneno yetu, karibu yote.

Zikabaki sakafu na mita. Mita ilikuwa kazi ya foleni na vitambulisho katika ofisi ya umeme, nikaifanya. Sakafu ndiyo iliyonitoa jasho. Ule msingi ulimwagwa na mume wangu marehemu na rafiki zake, wakachanganya saruji kama watu wanaojenga daraja. Vibarua walipiga nyundo mpaka majirani wakafunga milango. Fundi alipoziba shimo, alipaka saruji nyembamba juu ya vifusi, ikang'aa vizuri.

Siku ya ukaguzi mwenyekiti alikuja na ndoo. Akamwaga maji sakafuni, tukayatazama. Yakakimbilia pale palipokuwa na mashine, yakakaa.

"Hapa kuna bonde," akasema. "Siwezi kusaini."

Fundi alianza kueleza habari za udongo. Nikamkatiza. "Vunja."

"Mama, nitaongeza tu kidogo juu."

"Mwenzangu ataweka jiko zito hapa. Vunja mpaka chini, shindilia, mwaga upya."

Muda wa idhini ulikuwa unakaribia kuisha na kaka yangu alinikumbusha kila alipopita. Nilikaa mlangoni na kitambaa puani mpaka zege jipya likamwagwa, nikalimwagia maji mwenyewe lisipasuke. Mwenyekiti aliporudi na ndoo yake, maji yalitoka mlangoni. Alisaini akiwa ameinama, karatasi juu ya goti.

Mkataba wa pande tatu tulisaini Kayanga, mbele ya wakili: usharika, mimi na yeye. Nikatoa funguo. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, nikashangaa, kwa maana nilidhani nitalia.

Barua ya kuchelewa kodi ilinifikia mara moja, wakati wa masika. Nilikwenda siku ileile. Nilimkuta mkono umefungwa bendeji, ameungua na trei, na dada yake akikanda peke yake. Mikate ilikuwapo, mtu wa kuipeleka shuleni na dukani hakuwapo. Sikumwuliza habari ya kodi. Nilikamata kreti, nikapanda bodaboda, nikauza mikate kwa watu niliowasagia mahindi, na nilifanya hivyo mpaka mkono ukapona. Kodi akaipeleka mwenyewe. Kaka yangu sasa hanywi chai bila mkate ule.

Muda wa mkataba wangu wa awali ulipokwisha, usharika ulimwita atie saini mkataba wake mwenyewe. Aliniomba nimsindikize, nikaketi kwenye benchi la nyuma. Katika fomu palikuwa na mstari wa mdhamini. Mwenyekiti aliniangalia, nami nikawa tayari kusimama.

Yeye hakugeuka. Aliinama, akaandika "hakuna", akaisukuma fomu mbele, akangoja. Mwenyekiti aliisoma, akachukua muhuri.