Shangazi Fundi na Namba Mbili

Shangazi hakuwahi kumwacha mtu apite na uzi unaoning'inia. Angekusimamisha hata mlangoni mwa msiba, aukate kwa meno, kisha akusukume uende zako. Mpaka leo muuguzi akivaa sare ya kazi huhisi pumzi ya shangazi yake shingoni.

Sare ndizo zilizomleta shangazi zahanati siku ile. Alizishona mwenyewe, akazileta kwenye fuko kubwa, akajibwaga kitini. Alipokwisha kupumzika, muuguzi akamfunga mkanda wa mashine ya presha, nusu utani.

"Maisha yangu yote napima watu," shangazi akasema. "Leo napimwa na mtoto niliyembadilisha nepi."

"Tulia, shangazi. Ukiongea namba zinapanda."

Ikaja 178 kwa 104. Muuguzi akangoja kidogo, akapima tena. Palepale.

"Namba ya juu ni msukumo wa damu kwenye mishipa moyo unapojiminya," akamweleza. "Ya chini ni pale moyo unapolegea kati ya pigo na pigo. Ikiwa kila ukipimwa zinafika mia na arobaini kwa tisini au kuzidi, hiyo ni presha ya juu."

"Mbona siumwi hata kichwa?"

"Ndio ubaya wake. Haiumi. Inachakaza mishipa, moyo, figo na ubongo, na wewe uko cherehani unaimba."

"Sauti yangu nayo imekukosea nini?"

Daktari alimpima siku nyingine, akamwandikia vidonge. Baada ya miezi kadhaa namba zilishuka hadi 126 kwa 78. Muuguzi alifurahi, akampigia makofi. Shangazi naye aliielewa furaha ile kifundi: nguo ikishakaa mwilini, huendelei kuipunguza. Akaacha vidonge bila kumwambia mtu, hadi muuguzi alipozikuta pakiti zimelundikana kwenye kopo la vifungo.

"Shangazi, namba zimeshuka kwa sababu ya vidonge. Ukiviacha zinapanda tena, na hutazisikia zikipanda."

"Nitameza, mama. Usininunie. Mbona niko mzima kuliko wewe?"

Hata siku yalipomkuta alikuwa mzima, akikata kitambaa huku akimcheka mteja mmoja aliyenenepa. Mkasi ukamponyoka. Alipoinama kuuokota, mkono wa kulia ukakataa, na mdomo ukaenda upande. Majirani walimkimbiza hospitali; mshipa ulikuwa umepasuka kichwani.

Muuguzi alikaa kando ya kitanda, ameshika mkono uliokuwa bado na nguvu. Alitaka kuomba radhi kwa makofi yale, lakini shangazi alikuwa akihangaika kusema kitu, maneno yakimtoka mazito, moja moja. Akamwinamia.

"Kampime baba yako," shangazi alisema. "Atakwambia haumwi. Usimsikilize."