Mlango wa Nesi

Mtaa mzima ulimwita Mama Msasa, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Viganja vyake vilikuwa vigumu na vikavu kwa kusugua mbao tangu usichana wake, ukipeana naye mkono unajua kweli umeshikwa. Mumewe alikuwa seremala. Mzee anachonga milango na kupigilia sakafu, mke anazimalizia: anapiga msasa, anaziba vinyweleo vya mbao, anapaka vanishi. Walikuwa wakigombana kila siku ya Mungu kuhusu nani hasa ndiye anayeuza kazi ya mwenzake. Mzee aliwahi kujitia ujuzi, akapaka vanishi sakafu ya chumba akianzia mlangoni, akajikuta amesimama pembeni hana pa kukanyaga, akatokea dirishani mbele ya wenye nyumba. Tangu hapo brashi hakuigusa tena, na mkewe hakumwacha aisahau hadithi ile.

Halafu Mama Msasa akaugua. Si homa ya kumeza vidonge kesho ukaamka, la hasha. Alilala akakonda, na aliponyanyuka mikono ilikuwa inatetemeka hata akishika kikombe cha chai. Mdogo wake, mwenye duka la vitambaa, alikuja kila jioni na maneno yaleyale.

"Dada, kazi basi. Njoo ukae nami dukani, ukate vitambaa, upumzike."

"Mimi nikate vitambaa?"

"Kwani vitambaa vimekukosea nini?"

Hapo palikuwa na ubishi wa dada na mdogo wake, na ubishi wa namna hiyo hauishi mpaka mmoja aseme neno la kumfunga mwenzake. Mama Msasa ndiye aliyelisema. Kulikuwa na mlango wa mbele wa nesi mmoja mstaafu, ambao mzee alikuwa ameshauchonga. Ataumaliza yeye kwa mkono wake. Ukistahimili jua na mvua za msimu, mdogo mtu anyamaze. Ukiharibika, atakwenda dukani kwa miguu yake mwenyewe, bila kusukumwa.

Na mlango wenyewe haukuwa wa mchezo. Ulielekea machweo, jua la mchana linaupiga usoni mpaka linazama, na mvua ikija na upepo inaingia barazani bila hodi. Kwa hiyo hakufanya haraka. Alianza na msasa mkali wa kuondoa alama za randa, akaja wa katikati, akamalizia na laini, kila mara akifuata nyuzi za mbao, maana ukikata nyuzi kwa kupingana nazo, mkwaruzo hauonekani mpaka vanishi ikauke, na hapo ndipo unapokucheka. Akainamisha taa pembeni ya ubao ili mwanga uutambae, akapitisha kiganja. Vumbi alilifuta na kitambaa chenye tapentaini kidogo. Ile sila, dawa ya kuziba mbao kabla ya vanishi, ya kukauka upesi, ambayo mafundi wengi huipenda, hakuinunua. Hiyo ni ya ndani ya nyumba, nje haiwezi jua. Koti la kwanza alipaka vanishi ya nje yenyewe, ameizimua ili mbao iinywe, kisha makoti mazito zaidi, akiacha kila moja likauke sawasawa na kulipitishia msasa laini kabla ya jingine. Alipaka asubuhi umande ukishakwisha, kivulini, kabla mbao haijapata moto. Na alipaka pande zote sita: mbele, nyuma, ubavuni kote kuwili, juu na chini. Juu na chini alirudia, kwa sababu hapo ndipo nyuzi za mbao zinapoachama midomo, zinakunywa maji kwa kiu ya ajabu.

Mzee akautundika mlango. Ulikuwa unang'aa mpaka nesi akajitazama ndani yake akatengeneza kitambaa cha kichwani. Mama Msasa alirudi nyumbani akalala kama mtoto, kwa sababu nguvu zilikuwa hazijarudi zote, na kila mchana ilimbidi ajinyooshe.

Mvua zikaja, zikanyesha, zikaondoka. Jua likarudi. Ndipo simu ikalia.

"Mama Msasa," nesi akasema, "njoo uone mlango wako."

Mlango wako! Sio mlango wangu, sio ule mlango. Mama Msasa alivaa viatu akavivua, akavaa tena, akaenda peke yake, mzee akiwa kazini kwingine.

Alipofika barazani aliinama papo hapo. Chini ya mlango, kuja mpaka usawa wa goti, vanishi ilikuwa imevimba na kubanduka vipande vipande. Alipobandua kimoja kwa ukucha, mbao ya ndani ilikuwa ya kijivu, na karibu na sakafu ilikuwa nyeusi kabisa. Akatazama kiganja chake. Akahisi tetemeko lile limerudi.

"Mimi sikulaumu," nesi akasema, na alisema kwa upole wa kweli. "Ulikuwa mgonjwa. Hata mimi ningekuwa kazini ningekuandikia upumzike."

Afadhali angemtukana. Mama Msasa alikaa kwenye ngazi ya baraza. Je, alipaka mbao ikiwa bado na unyevu? Aliacha vumbi? Alisahau koti? Hakukumbuka kusahau, lakini mgonjwa atakumbukaje alichosahau? Akajiona yuko dukani kwa mdogo wake, mkasi mkononi, anaulizwa na watu bei ya kitenge, na machozi yakamjia waziwazi. Aliipenda kazi yake, basi. Hakuna maneno mengine ya kulizunguka jambo hilo.

Nesi akamletea maji ya kunywa. Mama Msasa akanywa, na huku anakunywa macho yakabaki mlangoni, kwa mazoea tu. Yakapanda juu. Yakatulia.

Kule juu vanishi ilikuwa nzima.

Akainuka. Jua linaupiga mlango huu, tena kule juu ndiko linakokaa sana, maana chini kuna ukuta wa baraza unaokinga. Kama vanishi ilikuwa mbovu, au mbao ilikuwa na unyevu, au mkono wake umechoka, kwa nini kule juu kung'ae vile? Akapitisha kiganja: laini. Akaenda ndani, sakafu ya sebuleni, ambayo nayo aliipaka wiki ileile ya mlango, iko salama, haina hata doa la ukungu. Ubovu haukutoka mbele ya mlango. Ulipanda kutoka chini.

"Nesi, una kioo kidogo? Kile cha mkobani."

"Unataka kujipodoa saa hizi?"

"Nipe tu, mama."

Pale kizingitini kulikuwa na zulia nene jipya la kupangusia miguu, limeloa, mtoto wa jirani alikuwa amemwaga ndoo asubuhi. Akalivuta pembeni, akalala kifudifudi sakafuni mtu mzima mwenye wajukuu, akasukuma kioo chini ya mlango na kumulika kwa simu. Akatazama. Akatazama tena. Kule chini hakukuwa na vanishi hata tone. Kulikuwa na mbao tupu, imeota ukungu, na juu yake mapito ya randa, safi kabisa, hata kipofu angeyasoma kwa kidole.

Akauliza akiwa bado amelala. "Nani ameugusa mlango huu?"

"Hajaugusa mtu," nesi akasema. "Labda mumeo tu."

"Mume wangu?"

"Si nilinunua zulia hili mvua zilipoanza? Mlango ukawa unaburuza juu yake. Nikampigia, akaja akauvua, akaupunguza chini kidogo, akaurudisha. Kazi ya dakika chache. Kwani hakukwambia?"

Mama Msasa alianza kucheka. Alicheka palepale sakafuni, shavu kwenye mbao alizozisugua mwenyewe, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio na kilio kikarudi kuwa kicheko. Nesi akapiga magoti akamshika kiwiko kutafuta mapigo ya moyo.

"Niko mzima!" Mama Msasa akasema. "Nesi, niko mzima! Mbao tupu, na zulia linalokunywa mvua limelala chini yake msimu mzima! Hata chuma kingeoza!"

Akampigia mzee simu. "Njoo kwa nesi. Uje na bisibisi." Akakata.

Mzee alifika anahema. Aliuona mlango, akamwona mkewe ameshika kioo, na papo hapo akajua. Uso ukamwiva.

"Nilitaka kukwambia uje upake," akaanza. "Haki ya Mungu. Nilirudi nikakuta umelala, nikasema nisikuamshe, upumzike kidogo. Ulipoamka nikawa nimesahau. Mama watoto, piga tu, nimestahili."

Alijikunyata akisubiri. Mkewe akamwendea, akamkumbatia mbele ya watu, kitu ambacho hakukifanya hata siku ya harusi yao.

"Asante," akamwambia. "Asante kwa kusahau."

Mzee akamtazama nesi kwa hofu. "Homa imerudi?"

"Haijarudi. Na usidhani umepona wewe," Mama Msasa akasema, sasa sauti yake ya kawaida imerejea. "Mlango utaubeba peke yako. Na zulia utaliosha."

Waliuvua, nesi akaziba uwazi kwa bati, akawa anapitia mlango wa uani. Wakaulaza kivulini juu ya vigogo, hewa ipite pande zote, na Mama Msasa akakwangua kila kilichobanduka. Hakukubali kugusa brashi mapema. Alibandika kipande cha nailoni juu ya mbao, akakifunga kingo zote kwa utepe, asubuhi akakuta matone ndani yake, akasema mbao bado ina maji. Akasubiri, akabandika tena, mpaka nailoni ikaamka kavu. Akasugua doa jeusi mpaka rangi ya mbao ikarudi, na pale vanishi ya zamani ilipokutana na mbao mpya akalainisha ukingo mpaka kidole kisitambue mpaka. Kisha akaanza na chini, kwenye midomo ile ya nyuzi. Koti lililozimuliwa likazama lote. La pili likazama nusu. Alirudia mpaka mbao ikasema imeshiba.

Mzee alikuwa amesimama karibu, ameshika kopo. "Mkono wako hautetemeki," akasema.

"Naona."

Mlango uliporudi mahali pake, zulia jipya lilikuwa jembamba, la kuanikwa, na mzee alikuwa ameapa mbele ya nesi kwamba randa haitaupitia tena bila brashi kuifuata. Mama Msasa akakaa kwenye ngazi ya baraza akampigia mdogo wake.

"Dada! Nimesikia habari za mlango," mdogo mtu akasema, mtaani hakuna siri. "Pole sana. Nimeshakuwekea kiti karibu na feni."

"Mkalishe mteja," Mama Msasa akasema, na akamweleza yote: kioo, randa, zulia na mzee aliyeogopa kuamsha mgonjwa. Akasubiri ubishi uanze. Hakuuona ukianza. Alisikia mdogo wake akivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyekuwa na hofu muda mrefu asiseme.

"Kwa hiyo umepona kweli," mdogo mtu akasema.

"Nimepona."

"Alhamdulillahi. Nilidhani nakupoteza, dada, nikaona bora nikuweke mahali nikuone." Akapenga kamasi. "Basi kesho njoo dukani."

"Kufanya nini tena?"

"Mlango wangu wa mbele unabanduka. Njoo na msasa."