Kadi za Behewa la Mwisho

Nilikuwa mkata tiketi katika stesheni ya Athi River, nikikaa Noonkopir kule Kitengela, na nilikuwa na sifa mbili: sikuchelewa kazini, na hakuna abiria aliyethubutu kunijibu. Ya pili sijivunii sana siku hizi, ila wakati ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilitembea nayo kifua mbele.

Mwaka huo timu ya Kajiado ilifika fainali, na fainali ilichezwa Nairobi. Waandaaji wakakodi treni maalumu. Aliyenunua kadi alipata safari na kiingilio kwa pamoja. Kadi yenyewe ilikuwa na vipande vitatu: cha kwanza nitoboe mimi wakati wa kupanda, cha pili kichanwe kwenye geti la uwanja, cha tatu kionyeshwe jioni wakati wa kurudi. Mkubwa wetu wa stesheni alitueleza hayo asubuhi mara mbili. Nikamwambia nimesikia, tena kwa sauti ya mtu aliyechoka kuelezwa.

Treni ilitoka Kajiado alfajiri, ikazunguka kwa njia ya Konza na kutufikia saa nne na nusu ikiwa imejaa nyimbo. Mabehewa mawili ya nyuma yalikuwa yameachwa kwa ajili ya watu wa Kitengela. Tulifunga kamba kwenye jukwaa, tukapandisha watu mlango mmoja mmoja, benchi hadi benchi, na behewa likijaa tunafunga. Wasio na kadi tuliwaweka nyuma ya kamba. Hakuna aliyekanyagwa. Dereva hakuwa na nafasi ya kusubiri mtu, kwa sababu reli ni moja tu na treni ya magadi ilikuwa inangoja tupite.

Mimi nilipangiwa kusafiri nao na kuwashusha huko mbele. Katika behewa la mwisho, benchi la mwisho karibu na mlango, aliketi mama mmoja jirani yetu wa Noonkopir, Mkamba, muuza mboga. Mwanawe ndiye aliyekuwa golikipa wa Kajiado. Hakuwahi kumwona akicheza, kwa sababu mechi huchezwa wikendi na wikendi ndiyo soko.

"Leo nimefunga meza," akaniambia. "Jumatatu anaenda jeshi. Nisipomuona leo, nitamuona lini?"

"Utamwona, mama. Kaa tu utulie."

Tulishuka kwenye stesheni ndogo iliyo karibu na uwanja. Njia ya kutokea ilikuwa geti jembamba la chuma, nami nikasimama hapo. Sasa, mkata tiketi akisimama kwenye geti la kutokea, mkono wake hujua kitu kimoja: safari imeisha, tiketi inarudi kwa reli. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka kumi na mmoja. Nikanyoosha mkono nikaita, "Tiketi! Tiketi!" Behewa la mwisho lilikuwa karibu zaidi na geti, na wa kwanza kutoka alikuwa yule mama. Akanipa kadi yake nzima. Walio nyuma yake wakafanya vivyo hivyo, kwa sababu nao walikuwa wamezoea. Mazoea yana taabu.

Behewa zima lilikuwa limeshatoka na kwenda zake wakati muuza nyama mmoja wa Kitengela, wa lile behewa letu jingine, aliposhikilia kadi yake.

"Sasa madam, nikikupa hii, nitaingia na nini?"

"Leta tiketi, usinipotezee wakati!" nikamfokea. Kisha nikatazama mfuko wangu wa ngozi. Kadi themanini hivi, zote na vipande viwili vizima.

Nilimwachia geti mwenzangu mmoja wa reli nikakimbia. Sikumbuki mara ya mwisho nilikimbia lini. Nilikuwa naogopa kazi yangu, nisiseme uongo, lakini zaidi nilikuwa naona uso wa yule mama.

Niliwakuta wamekataliwa getini na kusukumwa pembeni ya uwanja, askari mwenye rungu amewawekea mpaka kwa kisigino chake vumbini. Kuwapa kadi ningeweza, lakini nimpe nani? Kadi haikuwa na jina. Na pale nje palikuwa na mamia ya watu wasio na kiingilio. Mmoja wao akinusa kwamba kuna mwanamke ana mfuko wa kadi, tungevunjwa mbavu sote. Nikauficha mfuko chini ya koti nikamnong'oneza askari. Naye akamwita mzee wa getini, yule mwenye kuchana vipande.

"Kadi ni halali," mzee akasema. "Lakini utajuaje wenyewe?"

Nikageukia watu wangu. "Simameni kama mlivyokaa kwa treni! Benchi la kwanza mbele. Kila mtu ashike bega la mwenzake wa benchi."

Walicheka, lakini wakajipanga. Watu waliosafiri pamoja wakitazamana uso kwa uso, wamegawana ndizi na kubishana kuhusu mabeki, hawasahauliani. Kila benchi lilipofika mbele niliwauliza, "Nyote mlikuwa pamoja?" Wakishaitikia kwa pamoja, nilitoa kadi moja moja chini ya koti na mzee akachana hapohapo mkononi mwangu, akawaachia kipande cha kurudia. Askari alitembea kando ya mstari kuzuia wa nje wasijipenyeze.

Ilikwenda vizuri, ila polepole, na mama alikuwa benchi la mwisho kabisa. Filimbi ya kuanza ililia yeye angali nje. Akafumba macho.

Benchi lake lilipofika, walikuwa watu saba mahali pa sita. Kadi mfukoni zilikuwa sita.

"Huyu hakuwa na sisi," mama akasema, akimwonyesha kijana mmoja mwenye kofia.

"Nilikuwa! Nilikuwa kwa dirisha."

"Dirisha nilikuwa mimi," akasema mfanyabiashara mmoja Msomali wa kule Kitengela, taratibu kabisa. "Na huyu mama alinilalia bega kutoka Athi River. Wewe nani alikulalia?"

Watu waliangua kicheko, hata askari. Kijana akaondoka akicheka mwenyewe. Nikampa mama kadi yake kwanza. Kabla mzee hajamaliza kuichana vizuri, uwanja ulilipuka kwa kelele. Bao. Hatukujua la nani. Mama alikusanya leso yake akakimbia ndani.

Mimi nilirudi stesheni, nikamweleza mkubwa wa treni, aliyesafiri nasi, kila kitu kabla hajaambiwa na wengine. Alinikaripia vya kutosha, kisha akaniuliza kama wote waliingia. Nikasema wote. Akasema basi twende kazi, watu watarudi saa kumi na moja.

Walirudi bila nyimbo, kwa hiyo matokeo nikayajua kabla sijauliza. Tuliwapandisha behewa moja moja, wakionyesha vipande vyao, na safari hii mikono yangu ilikaa nyuma ya mgongo. Mama alikuja mwishomwisho, sauti imemkauka.

"Mama, pole," nikamwambia. "Nilikuchelewesha."

"Wamemfunga tatu," akasema. "La kwanza sikuliona." Akakanyaga ngazi, akageuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Lakini penalti alishika moja. Aliinuka akatafuta kwa watu, akaniona. Madam, aliniona."