Piteni Mbele ya Gari

Baba alikataa kuja kwenye harusi yangu. Mume wangu ametoka Sudan Kusini, na baba alisema hawezi kula chakula cha watu asiowajua kwao. Nami kwa kiburi nilichorithi kwake huyohuyo, nikahamia Koboko, nikanyamaza. Simu zake sikupokea. Yeye naye akaacha kupiga. Mama ndiye aliyebeba salamu huku na huku kama mjumbe wa vita.

Kazi ya baba ilikuwa kubeba mizigo ya wafanyabiashara kutoka Arua hadi Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, na huko mpakani malori hurudi nyuma bila kutazama. Ndiyo sababu alinunua kamera ya kufunga kwenye kioo cha mbele cha gari. Fundi akaiunganisha na betri ili ilinde gari hata likiwa limeegeshwa, mtu yeyote akipita mbele yake irekodi. Memori kadi baba aliichomoa kwenye simu yake ya zamani. Yeye na kununua kitu kipya wakati cha zamani bado kipo? Thubutu!

Mwanzoni kamera ilikuwa ikimkatalia. Kila shimo la barabara iliona ni ajali, ikakifungia kipande cha video cha wakati ule kisifutike, hadi kadi ikajaa vipande vya mashimo na kamera ikaacha kurekodi kabisa. Baba akaitukana kwa Kilugbara na Kiswahili, akampelekea fundi, fundi akapunguza ukali wa kuhisi mtikisiko. Tangu hapo ikafanya kazi vizuri: kadi ikijaa, kipande kipya kinaandikwa juu ya kile cha zamani kabisa na kukifuta, isipokuwa kilichofungiwa.

Siku ile ya mwisho alikuwa anakuja kwangu. Hakunipa habari. Alimweka mama kiti cha nyuma na mkungu wa ndizi, wakashika njia ya Koboko. Walipofika karibu na Lobule kifua kikambana. Hakugonga mti, hakuingia mtaroni. Alisogeza gari pembeni polepole, akazima injini, akashika usukani. Watu wa hapo walimpeleka hospitali, na nilipofika alikuwa ameshatutoka.

Shemeji, ndugu wa mume wangu, aliendesha gari hadi nyumbani Arua, akaliegesha uani likitazama lango. Basi, msiba wa kwetu mnaujua. Watu hawaji wakaondoka. Wanakuja, wanalala, wanaota moto, wengine wanafika kutoka Midia na wengine kutoka ng'ambo ya mpaka. Upande mmoja wanawake walikuwa wanapika, masufuria yamejaa njia. Mimi nikasimama langoni nikipanga watu wapite upande wa pili. Nilitaka kazi ya kufanya, nisije nikaanguka.

Watu walipotawanyika, mama akanivuta kando. Akaniambia kwamba njia yote baba alikuwa akijipangia maneno ya kuniambia, kwa sauti, kama mtu anayekariri. Nikamuuliza maneno gani. Mama akalia.

"Mimi nilikuwa nalala, mwanangu. Nilisikia tu jina yako, jina yako. Nikajua utasikia mwenyewe."

Nikaikumbuka kamera. Inarekodi na sauti! Nilikimbilia gari bila viatu, nikaichomoa ile kadi, nikaenda nayo kwa fundi yuleyule mjini. Moyo ulikuwa unanidunda kama wa mchumba.

Fundi akaitumbukiza kwenye kompyuta, akatazama tarehe za vipande, akaniambia safari ile haimo. Nikamwambia baba alipata shida barabarani, lazima kamera ilikifungia kipande kile. Akatikisa kichwa.

"Dada, mzee alisimamisha gari vizuri. Kamera haikuona ajali. Na hii kadi iko ndogo, inabeba saa chache tu."

Kisha akanieleza kwa upole. Pale uani, kila mwombolezaji aliyepita aliiamsha kamera, nayo ikamwandika juu ya safari. Kitu kilichofutwa tu angejaribu kukirudisha. Kilichoandikiwa juu, basi. Ingekuwa kadi kubwa, ya zile zilizotengenezwa kwa kuandikwa mfululizo, na kamera ingewekwa iamke gari likigongwa tu, si kwa kila apitaye, safari ingekuwapo bado. Au mtu angeichomoa kadi siku ileile. Nani angefikiria kadi siku ile?

Nilinunua hiyo kubwa. Nikamwambia aweke na mpangilio wa kugongwa tu. Sasa gari naendesha mimi, na kamera inalinda kila kitu vizuri, najuta kila nikiitazama.

Lakini siku ile, kabla sijaondoka kwa fundi, nilimwomba afungue kipande cha zamani kabisa kilichobaki kwenye kadi ya baba. Sauti ya kwanza ilikuwa yangu, imekauka kwa kulia, ikiwaambia watu: "Huku, jamani, upande ule kuna moto. Piteni huku, piteni mbele ya gari."