Dakika Nne za Mama Dakika

Mama Kitoto aliletewa habari na Redio, jirani wa mlango wa pili, ambaye hakuitwa hivyo bure. Ilikuwa siku ya kwanza ya mfungo, mchana, jua la kupasua kichwa.

"Umesikia ya Mama Dakika? Kajipa utume! Karatasi ya msikiti inasema tufuturu saa kumi na mbili na dakika thelathini na tisa. Yeye kabandika yake mlangoni, arobaini na tatu. Anatuongezea dakika nne, kama vile saumu ni pindo la sketi!"

"Huenda ana sababu," alisema Mama Kitoto, akimhamisha mwanawe bega hadi bega.

"Sababu ni kutaka aonekane anamjua Mungu kuliko sisi. Mimi ikifika thelathini na tisa, tende iko kooni."

Mama Kitoto alicheka, lakini moyo haukucheka. Mwaka jana alikuwa amejifungua, hakufunga hata siku moja. Siku zile zote alizilipa moja moja, akinyonyesha, akifua, akishikwa na kizunguzungu jikoni. Ya mwisho aliilipa wiki iliyopita. Alijua uzito wa siku moja. Kama jua halijazama nawe umeshameza, siku imekwenda na maji.

Kwa hiyo baada ya alasiri alimbeba mtoto mgongoni, akaenda.

Mama Dakika alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Chumba chake kilijaa vitambaa vya buluu, na ukutani, pale ambapo mafundi wengine hutundika picha za mitindo, yeye alikuwa na rafu ya madaftari. Baba yake alikuwa mwadhini. Miguu ya baba ilipoanza kukataa ngazi, binti ndiye aliyepanda juu ya paa la msikiti kila magharibi, akaandika dakika jua lilipozama. Baba alishafariki siku nyingi. Binti hakuacha kupanda. Hakuna aliyemlipa, na wengi hawakujua kwamba ratiba ile ya kila mwaka, inayobandikwa hadi kwenye milango ya maduka, ilitoka kwenye mkono unaotia vifungo.

"Karibu, mwanangu. Umefuata gauni la mtoto au umefuata ugomvi?"

"Nimefuata ukweli, mama. Nifuturu saa ngapi?"

Mama Dakika alisimamisha cherehani. Hakukasirika. Alivua futi ya kupimia shingoni, akainyoosha mezani, akachoma pini moja katikati.

"Futi hii ndiyo mwaka wa jua. Hapa ndipo mfungo ulipoanza mwaka jana. Sasa miezi yetu inafuata mwezi wa mbinguni, na miezi kumi na miwili ya mbinguni ni mifupi kuliko mwaka wa jua. Inapungua siku kumi, au kumi na moja." Akachomoa pini, akairudisha nyuma kidogo. "Mwaka huu tumeanza hapa. Mwakani hapa. Inarudi, inarudi, mpaka izunguke futi nzima."

"Na siku kumi na moja zina ubaya gani?"

"Huku kwetu jua halina makuu. Mwaka mzima, urefu wa mchana hautofautiani hata saa moja. Lakini linasogea. Majira haya linawahi kuzama, leo mapema kuliko jana. Sasa, ukirudi nyuma siku kumi na moja unalikuta likizama mapema au likichelewa?"

Mama Kitoto aliangalia pini. Alimaliza darasa la saba tu, lakini kuhesabu alikujua. "Likichelewa," alisema taratibu. "Dakika nne?"

"Nne leo. Mwisho wa mwezi ni kama sita."

Akacheka peke yake, akasema mdogo wake ni nesi huko kaskazini ya mbali. Miaka kumi iliyopita mfungo ulipoangukia mwezi wa sita, alifunga saa kumi na tisa, akipiga simu usiku wa huku akilia kwamba jua la kule halina adabu, halijui kwenda kulala. Mwaka huu kule ni majira ya baridi, mchana ni mfupi. "Anafunga saa kumi na moja na nusu, sisi tuna kumi na tatu na zaidi. Asubuhi kanitumia ujumbe: Dada, pole na njaa!"

"Sasa karatasi ya msikiti imekuwaje?"

Mama Dakika alivuta ratiba ya mwaka jana ndani ya daftari, akaiweka kando ya ile mpya. Mama Kitoto alipitisha kidole. Ramadhani ya kwanza, thelathini na tisa. Kotekote. Ya pili, sawa. Ya kumi, sawa. Kilichobadilika ni mwaka juu, na tarehe za pembeni.

"Mwenye duka la fotokopi nilimpa orodha mpya kwa mkono. Kaona kupiga namba sitini, za daku na za futari, ni mzigo, kafungua ya zamani. Kafikiri Ramadhani ya kwanza ni ya kwanza tu. Nimemwambia jana, tukapigizana kelele, kanitoa dukani."

"Na mwadhini?"

"Ananiambia karatasi mia tano zimeshagawiwa."

Mama Kitoto alifunga kanga ya mgongoni vizuri. "Twende, mama. Jua lenyewe halijagawiwa, tukaliangalie."

Walimkuta mwadhini mlangoni, saa mkononi, zikiwa zimebaki dakika kumi. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka. "Mama Dakika, leo pia? Watu wana njaa!"

"Sikuombi uniamini. Nakuomba upande ngazi."

"Panda, baba," alisema Mama Kitoto kwa upole. "Ukishuka ukasema amekosea, mimi wa kwanza kumeza."

Akapanda akinung'unika, nao nyuma yake. Juu, kando ya tangi la maji, magharibi ilikuwa wazi mpaka mwisho wa macho. Saa ya mwadhini ikafika thelathini na tisa. Jua lilikuwa zima, jekundu kama kiini cha yai, limeelea juu ya ukingo wa ardhi. Chini yake palibaki nafasi ya kupitisha jua jingine.

Mwadhini alishusha mkono wenye saa. Chini, sauti ya Redio ilipanda: "Vipi huko! Mnaadhini au mnapiga picha?"

"Jua bado lipo!" aliita mwadhini. "Wekeni tende chini!"

Vicheko, na mtu mmoja akatema. Mwadhini akashuka mbio kwenye kipaza sauti, macho yake juu. Mama Dakika alisimama ukingoni, mkono mmoja hewani. Hakutazama saa hata mara moja. Arobaini na moja, jua likagusa ardhi. Likaliwa nusu. Likabaki ukucha. Kisha halikuwapo, naye akashusha mkono, na adhana ikaanza. Mama Kitoto ndipo alipoangalia simu yake: arobaini na tatu.

Walifuturu palepale juu, tende na maji ya chupa, mtoto akinyonya. Chini mwadhini alikuwa anatangaza kwamba karatasi zina kosa, na aliyefuturu mapema leo ailipe siku yake. Mama Kitoto alimtazama mwanamke yule anayefuta maji kidevuni kwa upindo wa kitambaa cha sare. Mtaa mzima umekula kwa mkono wake miaka yote hii, aliwaza, na mimi ninamjua kwa vifungo tu.

"Mama, kesho itakuwaje?"

"Kesho nazungukia misikiti mingine kwa miguu, kabla hawajafuturu. Siwezi kuwa huko na dukani." Alichomoa kwenye mfuko wa gauni orodha yake iliyokunjwa mara nne, akaiweka kwenye kiganja cha Mama Kitoto. "Kwa hiyo nakuomba jambo, mwanangu. Asubuhi uende kwa yule wa fotokopi. Mimi akiniona anafunga mlango. Wewe una upole, na una mtoto, hatakutoa. Kaa karibu naye. Msomee mstari mmoja mmoja kwa sauti, mpaka wa thelathini, na usimruhusu kuchapa hata karatasi moja mpaka namba zote ziwe zimeingia. Utanifanyia?"