Mstari Mmoja Uliofutwa kwenye Skripti

Hasira ile bado ninayo, sitadanganya.

Nilikuwa natunza tovuti ya chama cha wakulima wa mahindi na maharage hapa Babati. Kila kurasa zilipobadilika, niliendesha skripti, orodha fupi ya amri za kompyuta niliyoiandika mwenyewe: inaingia kwenye seva kwa ufunguo wa ssh, yaani ufunguo wa kidijitali, bila kuuliza nywila, kisha programu ya rsync inapeleka mafaili yaliyobadilika tu. Niliiamuru pia ifute kwenye seva chochote kisichopo kwenye kompyuta yetu, ili kurasa za zamani zisibaki. Ila folda moja niliikinga kwa mstari wake: folda ya picha. Wakulima walipandisha picha za mashamba yao wenyewe kutoka kwenye simu, zikaenda moja kwa moja kwenye seva. Kwetu ofisini hazikuwepo.

Meneja wangu naye alikuwa na ufunguo wake wa seva, na nakala ya skripti kwenye kompyuta yake. Jumatatu moja nilifika kazini nikakuta ukurasa wa picha mtupu.

"Umeharibu nini?" akaniuliza mbele ya watu.

"Mimi sijagusa kitu tangu Ijumaa."

"Basi ni mtandao. Au seva yenyewe."

Nilifungua kumbukumbu za seva. Kila anayeingia huacha alama ya ufunguo wake. Jumamosi mchana ulikuwa umeingia ufunguo mmoja tu, na alama yake haikuwa yangu. Nikafungua skripti kwenye kompyuta yake. Mstari wa kukinga picha haukuwepo; bila huo, skripti ilikuwa imezifuta zote.

"Ulikuwa mrefu, sikuuelewa," alisema. "Nikausafisha."

Akausafisha! Kisha akanyamaza siku mbili, akaningoja mimi nibebe lawama. Nilijikasirikia pia, kwa kuwa nakala ya akiba ya picha zile sikuwa nayo.

Mchana huohuo niliufuta ufunguo wake kwenye seva. Alipojua alipiga meza.

"Mimi ni bosi wako, dada!"

"Ndiyo, bosi. Ukitaka kubadilisha kitu, niletee mimi nikibadilishe."

Hakunisemesha wiki nzima. Nami sikumhitaji. Nilizunguka Sigino, Nakwa na Bonga nikiwaomba wakulima picha zilizobaki kwenye simu zao, na nyingi nilizipata. Kule Bonga mama mmoja aliniitikia shikamoo yangu, akanikaribisha uji, kisha akaniambia simu yake ya zamani ilikufa. Picha aliyopandisha ilikuwa ya marehemu mama yake, amesimama kwenye maharage, kapu kichwani.

"Si iko kwenu kule?" akauliza. "Mlisema ikishaingia haipotei."

Nilimweleza ukweli wote, pamoja na nani aliyefanya. Alitazama shamba lake. Nilimwacha na uji wangu nusu kikombe, nikatembea hadi barabara ya Dodoma nikilia kwa hasira.

Kesho yake nilipeleka barua kwa mwenyekiti wa chama, nikaambatanisha kumbukumbu za seva. Meneja aliitwa. Siku tatu baadaye alikwenda Bonga, peke yake, kumwomba radhi mama yule.