Gego la Nyanchoka Lisilo na Kaburi

Nyanchoka wa Itumbe alikuwa amebakiwa na gego moja tu la kutafunia. Ya kushoto yalikwisha kung'olewa zamani, na hili la kulia lilikuwa limetoboka, linampwita hadi sikioni. Alishinda kwa uji kama mtoto, na njaa ilimkera kuliko hata maumivu.

Akaenda kwa daktari wa meno mjini Kisii, akisindikizwa na shemeji yake Bosire, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kila kamati ya mazishi kijijini. Tangu mumewe Nyanchoka afariki, Bosire alimsindikiza kila mahali, na kila mahali aliyejibu maswali ni yeye.

Daktari Janat alitazama picha ya eksirei. "Mama, uozo umefika kwenye mshipa, lakini mizizi bado mizima. Naweza kung'oa leo, yaishe, ubaki na pengo. Ama nikutie ganzi, nitoe mshipa, nisafishe mizizi kwa ndani, niizibe, kisha nilifunike jino kwa kifuniko kigumu lisipasuke. Utarudi mara mbili tatu hivi. Jino litakuwa limekufa, lakini utatafunia."

Laiti angemeza hilo neno!

"Limekufa?" Bosire akasimama. "Na libaki huko ndani? Daktari, kwetu maiti hailali kwa mtu hai. Ng'oa, tukazike."

Simu ikapigwa. Kufumba na kufumbua kamati ya mazishi ya jino ikapata mweka hazina, Celestine, aliyesikika kwenye spika akiuliza kaburi litachimbwa upande gani wa nyumba. Nehemiah, kakake Nyanchoka, naye akaunganishwa kutoka Magwagwa, mkali kama pilipili: jino liliota msichana akiwa kwa babake, kwa hiyo litazikwa Magwagwa.

"Mahari tulilipia mtu mzima, pamoja na meno!" Bosire akafoka.

"Basi turudishieni na yale ya kushoto mliyoyatupa!"

Daktari alijaribu kueleza kwamba jino halina roho. Nani amsikilize? Penye wazee haliharibiki neno, husema wahenga. Siku hiyo liliharibika, na wazee walikuwepo.

Nyanchoka, shavu limevimba, aliwasikiliza wakigombea kinywa chake, hasira ikampanda. Ndivyo walivyomgombea mumewe pia. Mjane hakuulizwa marehemu alazwe wapi; walimzika kwenye kiwanja cha Bosire, na mpaka leo huomba ruhusa kwenda kung'oa magugu kaburini.

Akaitwaa simu mkononi mwa shemeji yake, akaikata.

"Shemeji, mume wangu mlimzika mlikotaka, nikanyamaza. Huyu maiti mmoja nitakaa naye mwenyewe."

Akajilaza kwenye kiti cha daktari, akafungua kinywa. Daktari Janat akachukua sindano ya ganzi, na Bosire, kwa mazoea ya miaka mingi makaburini, akavua kofia.